Bei za Masofa

Kazi ya kwanza ya kulipwa Shabani aliipatia Keko, kwa mama mmoja mwenye duka la fenicha karibu na barabara ya Chang'ombe. Mama Rukia alitaka websaiti ya kuonyesha masofa, vitanda na makabati, na namba ya simu chini, basi. Wakapatana laki nne, laki mbili akapewa palepale na nyingine akikabidhi kazi. Maelewano yote yalikuwa kwa mdomo na voisi za wasapu. Shabani akarudi Tandika na furaha yake, akanunua bando la mwezi, akalipia domeini ya .co.tz na hositingi, akaingia kazini.

Wiki haijaisha picha zimepanda, zinafunguka vizuri hata kwenye kisimu cha bei rahisi, akamtumia linki. Voisi ikarudi: "Mwanangu umenifurahisha sana, sasa niwekee na bei, watu wanapenda kuona bei." Haya, bei si kazi kubwa, akaongeza safu moja kwenye databeizi usiku uleule.

Kesho yake mama akamwambia hizo bei haziko sawa, sofa la mninga na la mkongo hayawezi kuwa bei moja, na kitambaa nacho kina bei yake, ngozi ndo kabisaa. Hapo ndo kazi ilipobadilika sura, maana safu moja haibebi bei tisa za sofa moja, inabidi utengeneze jedwali jingine la mbao na vitambaa, uhamishe data zote, uandike upya fomu ya kuingizia bidhaa na ukurasa wa mteja, halafu ujaribu tena kila kitu. Mama anaona kibei kimeongezeka pembeni ya picha tu, hajui nyuma yake kuna nini, na Shabani hakuwa na maneno ya kumweleza akaelewa. Akafanya. Umeme ukakatika, akahamia kwa rafiki yake mwenye betri ya sola. Mwisho akaifuta ile safu ya zamani:

```
ALTER TABLE bidhaa DROP COLUMN bei;
```

Akatuma linki. Jioni voisi ikaingia: "Mwanangu, toa bei zote. Jirani yangu kashaziona anauza chini yangu, mteja apige simu nimwambie mwenyewe."

Toa zote! Shabani aliisikiliza ile voisi akairudia, akafunga lapitopu akatoka nje kukaa barazani, mama yake akamuuliza unaumwa?

Baada ya hapo ndo ikawa kila siku na lake. Mteja alipe kwa M-Pesa humohumo (na karatasi za biashara za kuombea huduma hiyo hazijakamilika). Mtoto wake aliyeko Muscat kasema iwe na Kiingereza pia. Rangi ya juu haipendi. Na ile laki mbili iliyobaki, "tukimaliza mwanangu, si bado hujamaliza?"

Ijumaa Shabani akapanda daladala mpaka Keko. Akakuta mama anabishana na mteja, sofa lishashonwa kijivu, mteja anataka kahawia. Mama kafungua daftari la oda, kamwonyesha saini yake: "Hapa umeandika kijivu. Kahawia nakushonea, ila kitambaa kipya ni hela mpya." Mteja akanywea, akatoa pochi.

Mteja alipoondoka, Shabani akasema, "Shikamoo mama. Na mimi naomba unifanyie kama ulivyomfanyia yule."

"Marahaba. Kivipi?"

"Websaiti tuliyopatana nilishaimaliza. Mengine yote ni kitambaa kipya."

Mama akamwangalia. "Mimi kitambaa nanunua dukani. Wewe umenunua nini?"

"Nimenunua bando mara mbili. Na muda wangu mama, hizo bei ulizosema nitoe nimezikeshea, kuna kazi ya mtu nimeikataa kwa ajili yako."

Mama hakujibu. Shabani akafungua lapitopu, toleo la kwanza alikuwa amelitunza kwa jina lake:

```
git checkout toleo-1
```

Akalirudisha hewani, picha na namba ya simu, kama walivyopatana. Mama akapitisha kidole kwenye simu yake, sofa hadi sofa, kimya. Kisha akavuta droo akahesabu laki moja. "Nyingine mwisho wa mwezi, biashara ngumu. Na Kiingereza cha mwanangu je?"

"Tuandikishane kwanza, mama."

Akasogeza daftari la oda, akamgeuzia. Shabani akaandika: lugha mbili, kurasa nne, maneno analeta mteja, mabadiliko yanalipiwa, laki moja na nusu, nusu kabla ya kuanza.

"Laki na nusu! Punguza bwana."

"Nikipunguza hela napunguza na kurasa. Nitoe ipi?"

Mama Rukia akavaa miwani, akaanza kusoma mstari wa kwanza.