Keki imezama katikati, na picha zimepotea

Shikamoo shangazi,

Jana usiku niliipiga ile keki picha nne. Simu ikazima, na nilipoiwasha asubuhi sikuziona. Kimebaki kipande kimoja, kiko mezani mbele yangu, kwa hiyo nakueleza huku nikikitazama na kukigusa. Jumamosi lazima nioke nyingine.

Pembeni keki imesimama vizuri, kama sentimita 5. Katikati imezama kama bakuli, hapafiki hata sentimita 2. Ganda la juu ni jembamba, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na pale ilipozama limejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini. Nikilivuta linabanduka lote, na chini yake pananata.

Ndani, upande wa pembeni, kuna matundu makubwa, mengine marefu yamesimama wima. Punje ya mchele inaingia. Nikigusa panapukutika. Kilichonishangaza ni rangi: nilitegemea umanjano wa mayai, nimepata manjano inayoelekea kahawia, hata mbali na ganda. Katikati kwa chini kuna mstari mnene kama kidole cha mwisho, umeshikana, hauna tundu hata moja. Nikiusugua vidoleni unaviringika kama gundi. Ladha ni tamu, ila ukishameza, ulimi unabaki na kitu kama sabuni.

Vipimo: unga gramu 250, sukari 200, siagi 150, mayai 3, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, magadi soda kijiko 1 cha chai, mtindi mililita 200. Mtindi sikuwa nao, nikatia maziwa ya kawaida kiasi hicho hicho. Chombo cha duara cha sentimita 20, oveni nyuzi 180. Kwenye kioo cha mlango, dakika ya 20 keki ilikuwa imeshavuka ukingo wa chombo. Dakika ya 30 katikati imeanza kubonyea, na mlango nilikuwa sijaugusa. Dakika ya 38 nikaitoa kwa kuogopa isiungue juu. Kijiti nilichoma pembeni, kikatoka kikavu.

Mama anasema moto haukutosha. Mimi nawaza labda niliyachapa mayai kupita kiasi. Unaonaje?

—

Marahaba mwanangu,

Usisikitike kuhusu picha. Picha isingeniambia habari ya sabuni, na hiyo sabuni ndiyo iliyonifungulia mlango.

Magadi soda inataka kitu kichachu cha kufanya nacho kazi. Mtindi ni mchachu, maziwa ya kawaida siyo. Ulipobadilisha ukaiacha soda bila mwenzake, ikabaki ndani ya keki. Hiyo ndiyo ladha uliyoisikia, na ndiyo iliyotia ukahawia ndani, kwa sababu rojo lenye soda iliyobaki hubadilika rangi haraka. Ganda nalo likawahi kukolea likakudanganya kuwa keki imeiva. Mama asiulaumu moto. Oveni yenye moto mdogo ingekupa ganda lililopauka.

Sasa kuzama. Soda ina nguvu kama mara 3 ya bekingi pauda, na hata bila uchachu hutoa hewa ikipata joto. Gramu 250 za unga zinatosheka na vijiko 2 hadi 2 na nusu vya bekingi pauda peke yake. Wewe umetia 2, na juu yake soda. Rojo likaumuka mbio, vipovu vikaungana vikawa yale matundu marefu, kuta zake zikapasuka kabla unga na mayai havijashika. Mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo usiushtaki. Mayai pia yaache. Gesi iliyozidi inatosha kueleza matundu yote uliyonihesabia.

Ule mstari wa gundi ni kosa la pili. Katikati ya keki ndipo panapoiva mwisho, na palipoanguka pakashikana pakabaki pabichi. Ukichoma kijiti pembeni utaambiwa habari za pembeni tu.

Jumamosi, kama huna mtindi, acha soda kabisa. Tia bekingi pauda vijiko 2 na nusu, usawazishe kwa kisu, usirundike. Ukiupata mtindi, soda iwe nusu kijiko na bekingi pauda kijiko 1. Kile kijiko kizima cha soda hakiniingii akilini, maana mililita 200 za mtindi haziwezi kukimaliza. Angalia tena ulipoandika, huenda ilikuwa nusu.

Rojo lisizidi theluthi mbili za chombo. Dakika ya 30 likianza kukolea juu, funika kwa karatasi ya foili bila kulibana, uendelee kuoka. Anza kupima dakika ya 45, katikati kabisa, na ubonyeze kwa kidole: pakirudi juu, itoe. Ikishapoa ikate kabla ya wageni, uniandikie rangi ya ndani ikoje.