Ukumbusho mdogo: Ankara Na. 0318 (salio 1,440,000), iliyopaswa kulipwa Ijumaa 3 Julai

Jumatano, 8 Julai 2026

Dada Rehema,

Habari za kazi, na pole kwa pilika za kufunga hesabu za nusu mwaka. Natumaini sasa mmeanza kupumua.

Nakuandikia kuhusu ankara yetu Na. 0318 ya vitabu vya mafunzo. Muda wake wa siku 30 ulikwisha Ijumaa iliyopita, tarehe 3 Julai, na hadi asubuhi hii salio la 1,440,000 halijaonekana kwenye akaunti yetu. Ni siku chache tu na wala hatuna wasiwasi. Tumefanya kazi na ofisi yenu muda wa kutosha kujua kwamba mkichelewa huwa kuna karatasi imekwama mahali. Nia yangu ni kujua kama karatasi hiyo iko kwetu, ili tuitoe.

Kama malipo yameshatoka, basi barua hii ichukue kama salamu. Nitumie tu tarehe mliyolipa, au picha ya hati ya benki, tuyatafute upande wetu. Fedha zinazotoka benki moja kwenda nyingine wakati mwingine huchukua siku moja au mbili za kazi, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, kwa hiyo tunaweza kabisa kuwa tunapishana njiani.

Kama bado, nina dhana moja. Huenda nimekosea, lakini naiandika kwa sababu ikiwa ndiyo yenyewe, jambo litaisha leo.

Mtakumbuka kwamba mzigo ulikuja kwa awamu mbili. Ofisi ya mafunzo iliomba vitabu 60 vitangulie kwa ajili ya wakufunzi, vikaletwa tarehe 25 Mei. Vilivyobaki 390 vilifika tarehe 2 Juni. Hivyo kuna hati mbili za makabidhiano, wakati ankara ni moja tu ya vitabu vyote 450. Mtu anayeandaa malipo ataweka mezani oda ya ununuzi, hati ya makabidhiano na ankara, aone kama vinasema kitu kimoja. Akiwa na ile hati ya kwanza peke yake, ataona oda ya vitabu 450, mapokezi ya vitabu 60, na ankara inayodai vyote. Hapo hata mimi ningesimamisha malipo, na ningekuwa na haki.

Hati ya pili ilibaki na mtunza stoo wenu, maana ndiye aliyepokea. Namkumbuka kwa umakini wake: alihesabu maboksi 13, akachagua moja lililokuwa chini kabisa, akalifungua na kuhesabu vitabu kimoja kimoja mbele ya dereva wetu mpaka 30 vikatimia, ndipo akatia sahihi. Ameandika 390 kwa tarakimu na kwa maneno. Nimeambatisha nakala za hati zote mbili pamoja na ankara yenyewe, ili usilazimike kushuka stoo kuitafuta. Kama utaratibu wenu unataka hati halisi wala si nakala, niambie tu. Tunayo nakala ya kaboni yenye sahihi na dereva anaweza kuileta kesho.

Kama tatizo si hilo, yako mengine yanayotokea. Labda aliyepaswa kuidhinisha yuko safarini. Labda ankara ilifika kwako (ulinijibu tarehe 4 Juni kwamba umeipata, nashukuru) lakini haikupita kwa ofisi ya mafunzo kupata sahihi yao. Labda mnalipa kwa mafungu, na fungu la wiki hii bado. Lolote liwalo, naomba mstari mmoja tu wa jibu: malipo yako hatua gani na mnatarajia yatoke siku gani. Nikiwa na tarehe nitaiweka kwenye kitabu changu na sitakusumbua kabla yake.

Na kama kuna kitu kwenye vitabu au kwenye ankara ambacho hamkukubaliana nacho, tafadhali kiseme mapema. Ukurasa uliofifia, kitabu kilichofumuka mgongo, hesabu isiyolingana na makubaliano, hayo yote yana dawa. Hapo tunaweza kuzungumza juu ya sehemu hiyo peke yake, na sehemu isiyo na utata ikaendelea na safari yake.

Mambo mawili ya benki kabla sijakuacha uendelee na kazi.

La kwanza, akaunti yetu ni ileile mliyotumia kulipa malipo ya awali mwezi Mei, ile inayoishia na tarakimu 4471. Haijabadilika na hatuna mpango wa kuibadilisha. Nasisitiza kwa sababu matapeli siku hizi huingilia barua pepe za ofisi, wakatuma barua inayofanana kabisa na ya msambazaji wenu na kusema "tumehamia benki nyingine". Mkipata barua ya namna hiyo yenye jina letu, hata kama imetoka kwenye anwani yangu, msiilipe. Pigeni simu kwanza, na mtumie namba mliyo nayo tangu zamani kwenye faili, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

La pili, kwenye sehemu ya maelezo ya malipo naomba paandikwe ANK 0318. Benki yetu hutuletea jina la mlipaji likiwa limekatwa katikati, na tuna wateja wawili ambao majina yao yakikatwa hubaki yanafanana. Namba hiyo ndiyo inayotuokoa. Na kama kuna kodi mnayotakiwa kisheria kuizuia kabla ya kulipa, zuieni kama kawaida, ila mtutumie cheti chake pamoja na taarifa ya malipo. Bila cheti, kwenye vitabu vyetu pengo hilo litaendelea kusomeka kama deni, na mwezi ujao mfumo utanilazimisha nikuandikie tena kwa kitu ambacho hudaiwi.

Hatujaongeza riba wala faini yoyote. Kiasi ni kilekile kilichomo kwenye ankara.

Ikiwezekana malipo yatoke kufikia Jumatano ijayo, tarehe 15 Julai, tutashukuru sana. Ikiwa tarehe hiyo ni ngumu, nipe nyingine tuzungumze. Niko ofisini kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukiona ni rahisi zaidi kunipigia kuliko kuandika, piga.

Nakala ya barua hii nimempelekea mratibu wa mafunzo kwa taarifa tu, kwa vile yeye ndiye aliyetoa oda. Sijamnakili mkuu wako wa idara, wala sioni sababu ya kufanya hivyo.

Asante kwa ushirikiano wako, na wasalimie wenzako wa uhasibu.

Wako katika kazi,
Salum
Ankara na Malipo, ofisi ya uchapaji

Tanbihi: Bamba za uchapaji wa kitabu hiki bado tunazo hadi mwisho wa Septemba. Ofisi ya mafunzo ikitaka nakala za nyongeza kabla ya hapo, gharama ya kuandaa bamba upya haitakuwepo. Hili halihusiani na malipo. Nimelitaja kwa kuwa mratibu aliniuliza.

Kiambatisho: muhtasari wa ankara

Ankara Na. 0318, ya tarehe 3 Juni 2026
Oda yenu ya ununuzi: Na. 77
Muda wa malipo: siku 30, yaani hadi 3 Julai 2026

Vitabu vya mafunzo, nakala 450 kwa 4,800 kila kimoja: 2,160,000
Usanifu wa jalada: 180,000
Usafirishaji, safari 2 kwa 30,000: 60,000
Jumla: 2,400,000
Malipo ya awali, yaliyopokelewa 12 Mei: 960,000
Salio: 1,440,000

Hati ya makabidhiano ya kwanza: 25 Mei, maboksi 2, vitabu 60. Imesainiwa na ofisi ya mafunzo.
Hati ya makabidhiano ya pili: 2 Juni, maboksi 13, vitabu 390. Imesainiwa na mtunza stoo.

Safari ya pili ya gari imo kwenye hesabu kwa sababu mzigo uligawanywa kwa ombi la ofisi ya mafunzo. Mratibu alilikubali hilo kwa barua pepe ya tarehe 21 Mei, nayo imeambatishwa nyuma ya hati ya kwanza. Nimeieleza hapa kwa kuwa oda ya mwanzo ilitaja safari moja, na tofauti ya 30,000 inaweza kumshtua mkaguzi ambaye hakuwepo.

Ujumbe wa simu kwa Dada Rehema, siku hiyohiyo mchana

Dada Rehema, habari za mchana. Ni Salum wa uchapaji. Nimekutumia barua pepe asubuhi kuhusu ankara 0318, ile ya vitabu vya mafunzo; ilipaswa kulipwa Ijumaa iliyopita. Nimeambatisha hati zote mbili za makabidhiano, nikihisi huenda ile ya vitabu 390 haijakufikia kutoka stoo. Kwa vile viambatisho ni vizito, naomba uangalie na kwenye barua taka kama huioni. Si lazima unijibu sasa hivi, najua una mambo. Ukipata nafasi leo au kesho nijulishe tu imefikia hatua gani. Kama mmeshalipa, niwie radhi kwa usumbufu, nitumie tarehe niifuatilie benki. Asante sana dada.