Majibu ya swali la 4: hewa inayobanwa kwa n = 1.3

Mwaka wa pili, karatasi zenu nimemaliza kusahihisha. Swali la 4 ndilo lililowaangusha wengi, kwa hiyo naliandika lote hapa pamoja na pale mlipojikwaa. Kaeni na kikokotoo mkononi. Ukisoma bila kukokotoa utadhani umeelewa.

Swali lilikuwa hivi. Kompresa ya fundi pancha, yenye pistoni moja, inavuta nusu lita ya hewa iliyo kwenye shinikizo la 100 kPa na halijoto ya 27 °C. Valvu zote zikiwa zimefungwa, pistoni inaibana hewa hiyo kwa njia ya politropiki yenye kipeo n = 1.3, mpaka geji isome 7 bar. Kwa hewa, R = 0.287 kJ/kg K na cv = 0.718 kJ/kg K. Tafuta (a) halijoto na ujazo wa mwisho, (b) kazi, (c) joto, (d) nguvu inayohitajika ikiwa kompresa inazunguka mara 600 kwa dakika na silinda haina nafasi mfu.

Kabla ya hesabu yoyote, hiyo geji. Geji ya fundi husoma sifuri ikiwa imelala mezani, ingawa hewa ya mezani tayari ina karibu 1 bar. Inachosoma ni ziada juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo 7 bar ya geji ni 8 bar kamili, yaani 800 kPa, na uwiano wa shinikizo ni 8, si 7. Nusu ya darasa mlitumia 7 mkapata kazi ya 94.5 J. Hesabu yenyewe ilikuwa safi, ila ilikuwa ya kompresa nyingine. Halijoto nayo iingie kwa kelvini: 27 + 273 = 300 K. Yuko aliyezidisha 27 moja kwa moja akaandika kwamba hewa inatoka ikiwa na 44 °C. Angemuomba fundi ashike bomba la shaba linalotoka kichwani mwa kompresa kwa sekunde mbili tu, jibu lingejirekebisha lenyewe.

(a) Njia ya politropiki maana yake ni kwamba pVⁿ haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiunganisha na pV = mRT unapata

T2 = T1 (p2/p1)^((n−1)/n)
T2 = 300 × 8^(0.3/1.3) = 300 × 8^0.2308 = 300 × 1.6159 = 484.8 K

yaani karibu 212 °C. Ujazo:

V2 = V1 (p1/p2)^(1/n) = 0.5 × 8^(−0.7692) = 0.5 × 0.2020 = 0.1010 lita

Tungamo tutalihitaji mbele: m = p1V1/(RT1) = (100 × 0.0005)/(0.287 × 300) = 0.000581 kg. Ni kama nusu gramu ya hewa. Msishangae majibu ya kazi yakija kwa jouli badala ya kilojouli.

(b) Kazi ni eneo lililo chini ya mchirizo wa p dhidi ya V. Kwa kuwa p = C/Vⁿ, intigro ya p dV inatoka kirahisi mradi n isiwe 1:

W = (p2V2 − p1V1)/(1 − n)

Weka namba: p1V1 = 100 × 0.0005 = 0.0500 kJ, na p2V2 = 800 × 0.000101 = 0.0808 kJ.

W = (0.0808 − 0.0500)/(1 − 1.3) = 0.0308/(−0.3) = −0.1026 kJ

Kazi ni −102.6 J. Alama ya kutoa inasema gesi imefanyiwa kazi, haikufanya yenyewe. Wapo walioandika +102.6 J kwa sababu kitabu chao kinahesabu kazi inayoingia kuwa chanya. Sikuwakata, maana mtindo huo upo na ni halali. Niliowakata ni wale walioanza na mtindo mmoja kwenye (b) wakamalizia na mwingine kwenye (c). Chagua kambi yako mapema, uiandike juu ya karatasi, ubaki huko.

(c) Hapa ndipo alama nyingi zilipopotelea. Kanuni ya kwanza inasema Q = ΔU + W. Nishati ya ndani ya hewa hufuata halijoto peke yake:

ΔU = m cv (T2 − T1) = 0.000581 × 0.718 × 184.8 = 0.0770 kJ = 77.0 J

Q = 77.0 − 102.6 = −25.6 J

Joto la 25.6 J limetoka kwenye hewa kwenda kwenye kuta za silinda. Wanafunzi kumi na mmoja waliandika Q = 0, na wengine wakaongeza maelezo kwamba “mchakato ni wa haraka”. Haraka ilikuwepo, lakini swali lilikupa n = 1.3. Kwa hewa, njia isiyopitisha joto inadai n = 1.4, ambayo ni γ, yaani uwiano wa cp kwa cv. Ukishapewa kipeo kingine, swali la joto limeshajibiwa kwamba si sifuri. Kilichobaki ni kiasi.

Na kiasi hicho kina njia ya mkato ninayoipenda:

Q = W × (γ − n)/(γ − 1) = −102.6 × (1.4 − 1.3)/(1.4 − 1) = −102.6 × 1/4 = −25.7 J

Tofauti ndogo ya mwisho inatokana na kukadiria γ kuwa 1.4 kamili. Tazameni hiyo robo. Katika kila jouli 100 ambazo pistoni inaipa hewa, 75 zinabaki ndani kuipasha moto na 25 zinatoroka kupitia chuma. Mapezi yale yaliyochongwa nje ya silinda kazi yake ni hiyo. Yakijaa vumbi na oili iliyoganda, n hupanda kuelekea 1.4 na hewa hutoka moto zaidi.

Mmoja wenu aliandika pembeni, kwa penseli, “lakini joto limetoka, mbona halijoto imepanda?” Swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu mengi. Ukilifuata utapata joto mahususi la njia hii:

cn = cv − R/(n − 1) = 0.718 − 0.287/0.3 = −0.239 kJ/kg K

Ni hasi! Si kosa la hesabu. Joto mahususi tulilozoea kwa maji ya sufuriani linadhani njia pekee ya kuingiza nishati ni moto wa chini. Hapa pistoni inaingiza jouli 102.6 huku ukuta ukinyonya 25.6 tu. Halijoto inapanda kwa sababu ya kilichobaki. Kila n iliyo kati ya 1 na 1.4 huzaa joto mahususi hasi kwa hewa. Na ukweli wa silinda halisi ni kwamba mwanzoni mwa mbano ukuta huwa moto kuliko hewa, kwa hiyo joto huingia kwanza, kisha hutoka. Kipeo cha 1.3 ni wastani wa safari nzima.

(d) Sasa tahadhari kubwa, kwa sababu kuna sentensi mliyoikariri: “kubana kwa halijoto isiyobadilika kunahitaji kazi ndogo kabisa.” Ipimeni kwa swali hili. Kwa n = 1, fomula ya juu inavunjika, tunatumia logi asilia:

W = −p1V1 ln(p2/p1) = −50 × 2.079 = −104.0 J

Hiyo ni kubwa kuliko 102.6! Na kwa n = 1.4 unapata −101.4 J, ndogo kuliko zote. Sentensi imegeuka juu chini. Sababu ni kwamba tumesimama kwenye shinikizo lilelile, 800 kPa, na hewa iliyobaki baridi inabidi isukumwe mbali zaidi, mpaka lita 0.0625, ili kulifikia. Mngesimama kwenye ujazo uleule wa lita 0.101, n = 1 ingehitaji jouli 80 tu, na 1.4 ingehitaji 112. Sentensi ingenyooka.

Lakini fundi hanunui mbano peke yake. Kompresa yake inavuta, inabana, inasukuma hewa kwenda tangini. Wakati wa kuvuta, hewa inaisukuma pistoni: +p1V1 = +50.0 J. Kubana: −102.6 J. Kutoa: −p2V2 = −80.8 J. Jumla ni −133.4 J kwa mzunguko, ambayo ni n mara kazi ya mbano, 1.3 × 102.6. Kwa hesabu hii kamili, n = 1 inabaki 104.0 J na n = 1.4 inapanda hadi 142.0 J. Hapo ndipo sentensi yenu ya kukariri ilipozaliwa, na ndiyo maana kupoza silinda kunaokoa umeme.

Mara 600 kwa dakika ni mara 10 kwa sekunde:

Nguvu = 133.4 × 10 = 1,334 W, karibu 1.33 kW

Huku mbano ukimwaga joto la 256 W kwenye kuta. Mota halisi itahitaji zaidi ya 1.33 kW, kwa sababu kuna msuguano wa ringi na mkanda unaoteleza.

Aliyetumia 102.6 J kwenye (d) akapata 1.03 kW nimempa alama 2 kati ya 5. Aliyetumia uwiano wa 7 tangu mwanzo lakini akafuata njia sahihi mpaka mwisho, nimemkata alama 3 mara moja tu, sikumfuata kila kipengele. Anayeona nimemkosea aje na karatasi yake Alhamisi kabla ya kipindi cha karakana. Yule wa penseli naye aje; hakuandika namba yake ya usajili.