Ombi la Mchanganuo wa Maandishi wa Makato ya Kila Mwezi

Mwl. Mwanaidi Hamisi Kibwana (Mstaafu),
Kata ya Kihonda,
Manispaa ya Morogoro.

14 Januari 2025

Meneja wa Tawi,
Tawi la Morogoro Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA MCHANGANUO WA MAANDISHI WA MAKATO YOTE YA KILA MWEZI KATIKA AKAUNTI YA AKIBA INAYOISHIA NA TARAKIMU 4471, JANUARI HADI DESEMBA 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilistaafu Juni 2019, na tangu hapo pensheni yangu kutoka PSSSF inaingia katika akaunti hii, ambayo niliifungua katika tawi lako nikiwa bado kazini. Sina mkopo kwenu, sijawahi kukata bima kupitia kwenu, na sijamdhamini mtu yeyote. Nayataja haya mapema kwa sababu kila nikiuliza juu ya makato, swali la kwanza ninaloulizwa huwa ni kama nina mkopo.

Mwanzoni mwa mwezi huu niliomba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima wa 2024, nikapewa na kuilipia. Nimeipitia mstari kwa mstari kwa kalamu. Ninachoomba ni maelezo ya maandishi, kwa Kiswahili, ya kila kato lililomo: linaitwaje, ni la huduma ipi, kiwango chake kabla ya kodi ni kiasi gani, kodi ni kiasi gani, na limewekwa kwa kibali au kifungu kipi cha mkataba wangu na benki.

Ili ionekane ninachozungumzia, nauchukua mwezi wa Novemba peke yake. Tarehe 25 iliingia pensheni, shilingi 284,600. Makato ya mwezi huo yameandikwa hivi kwenye taarifa:

```
25/11/2024  SVC CHG REC         3,540.00
27/11/2024  ATM WDL CHG         1,770.00
30/11/2024  MONTHLY MAINT FEE   2,360.00
30/11/2024  SMS ALERT CHG       1,180.00
```

Jumla ni shilingi 8,850. Mistari mitatu ya chini naielewa inahusu nini: ada ya kutoa fedha kwenye mashine, ada ya kuendesha akaunti na ada ya ujumbe wa simu. Nitakuwa na maswali juu yake, lakini walau najua ni ya nini. Mstari wa juu, ambao ni mkubwa kuliko yote na umekatwa siku ileile pensheni ilipoingia, hakuna aliyeweza kunieleza. Kijana wa kaunta, ambaye alinisikiliza kwa adabu na namshukuru, alisema ni makato ya kawaida ya mfumo. Mwenzake aliongeza kwamba huenda ni ada za nyuma ambazo hazikukatwa kwa sababu salio halikutosha, ndipo mfumo ukasubiri fedha ziingie.

Maelezo hayo ya pili yana mantiki, kwa hiyo niliporudi nyumbani niliyapima kwa kutumia taarifa yenu wenyewe. Tarehe 31 Oktoba ada ya kuendesha akaunti ilikatwa, shilingi 2,360. Siku hiyohiyo ada ya ujumbe ikakatwa, shilingi 1,180. Baada ya kukatwa zote mbili akaunti ilibaki na shilingi 61,240. Na si Oktoba tu: ada ya kuendesha akaunti imekatwa mwishoni mwa kila mwezi, Januari mpaka Desemba, bila kuruka hata mmoja, na ya ujumbe hali kadhalika. Sasa deni la nyuma lililokuja kulipwa tarehe 25 Novemba lilitoka mwezi gani?

Kuna jambo jingine ambalo naomba ulitazame kwa makini zaidi. Ukijumlisha 2,360 na 1,180 unapata 3,540, kiasi kilekile cha SVC CHG REC. Ningeweza kusema ni sadfa. Lakini mstari huo unaonekana pia Februari, Machi na Agosti. Agosti ni 3,540 kama Novemba. Februari na Machi ni 2,950, na miezi hiyo ada ya ujumbe ilikuwa bado 590, kwa kuwa ilipanda kuwa 1,180 kuanzia Julai. Jumlisha 2,360 na 590, unapata 2,950. Maana yake kato hili lisilo na maelezo lilipanda kwa kiasi kilekile ambacho ada ya ujumbe ilipanda. Kwa hesabu zangu, inaelekea ada mbili zilezile zimekatwa mara ya pili katika miezi minne, na jumla yake ni shilingi 12,980. Sisemi benki imeniibia. Mfumo unaweza kurudia kitu bila mtu kukusudia. Ila majibu ya mdomo hayawezi kulimaliza hili, ndiyo maana naandika.

Kuhusu ada ya ujumbe wa simu, ilipanda maradufu Julai 2024, kutoka 590 hadi 1,180. Naomba nionyeshwe taarifa iliyotolewa kwa wateja kabla ya mabadiliko hayo: ilitolewa tarehe gani na kwa njia ipi. Simu yangu ndiyo inayopokea jumbe hizo ninazozilipia, na sikuona ujumbe wowote uliosema bei inapanda. Naomba pia kujua kama naweza kuiondoa huduma hiyo na utaratibu wake ni upi. Ujumbe ninaouhitaji kwa mwezi ni mmoja, ule wa kuingia kwa pensheni.

Ada ya mashine, shilingi 1,770, nimekatwa mara moja kila mwezi, kwa sababu natoa fedha mara moja tu kwa mwezi, na natoa kwenye mashine iliyo ukutani hapo tawini kwenu. Bango la ada lililobandikwa karibu na mlango lina kiwango kimoja cha mashine za benki na kingine cha mashine za benki nyingine. Maandishi yake ni madogo na liko juu, sikuweza kulisoma lote. Naomba nipewe nakala ya karatasi ya orodha nzima ya ada zinazotumika sasa, pamoja na ile iliyotumika kabla ya Julai, na niambiwe nimekatwa kwa kiwango kipi. Machi kulikuwa na 11,800 ya kadi. Hiyo ni ya mwaka na sina tatizo nayo, naomba tu iandikwe kwenye mchanganuo pamoja na nyingine.

Suala la kodi. Tangu 1 Julai 2016 ada za benki zinatozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kwetu Bara kiwango ni asilimia 18. Wakati ule kulikuwa na mjadala mkubwa wa nani aibebe kodi hiyo, benki au mteja, na tuliokuwa kazini tunaukumbuka. Nimegundua kwamba kila kato kwenye taarifa yangu linagawanyika vizuri likichukuliwa kuwa na asilimia 18 ndani yake: 2,360 ni 2,000 na kodi 360, 1,180 ni 1,000 na kodi 180, 1,770 ni 1,500 na kodi 270. Naomba mthibitishe kwamba ndivyo ilivyo. Naomba pia mnieleze ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unaotozwa kwenye ada za benki uko wapi katika viwango hivi, na kama umo ndani ya ile 2,000 au umebebwa na benki. Kodi halali nimelipa maisha yangu yote na nitaendelea kulipa, ila nataka kuiona imeandikwa peke yake.

Upande wa riba sina mengi. Kwa mwaka mzima nimepata riba ya shilingi 1,380 na kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 138. Riba yote ya mwaka haikufikia ada ya mwezi mmoja ya kuendesha akaunti. Makato yote ya mwaka, bila kodi hiyo ya zuio, ni shilingi 84,960, karibu theluthi ya pensheni yangu ya mwezi mmoja. Kama benki ina aina ya akaunti yenye ada ndogo kwa wastaafu, naomba niambiwe masharti yake, na kama yangu inaweza kuhamishwa bila kuvuruga malipo ya PSSSF. Naomba na nakala ya fomu ya masharti niliyoisaini wakati wa kufungua akaunti.

Ndugu Meneja, tarehe za pensheni utatukuta tumejaa kwenye mabenchi yenu. Wengi wetu hatuombi taarifa ya akaunti kwa sababu nayo inalipiwa, na hata tukiipata ina vifupisho ambavyo hatuvielewi. Kuna mzee mmoja tuliyefundisha naye ambaye kila mwezi anaamini kwamba PSSSF imempunguzia pensheni, na ameshahangaika sana na ofisi zao, kumbe tofauti anayoiona inaweza kuwa ni makato ya benki. Dawa, gharama za hospitali na nauli za kufuata matibabu havingoji. Mtu wa umri wetu anapopungukiwa shilingi 3,540 asizozijua, kuna kitu mahali fulani hakinunuliwi.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iweke ada zake wazi kwa mteja, na zinamtaka mteja aanze kuwasilisha lalamiko lake kwa benki yenyewe. Nimeanza na wewe. Naomba majibu ya maandishi, yenye saini na mhuri, kabla ya tarehe 7 Februari 2025. Nitakuja mwenyewe kuyachukua tawini. Ikionekana kwamba zile 12,980 zilikatwa kimakosa, naomba zirudishwe kwenye akaunti na marejesho yaonekane kwenye taarifa. Ikionekana zilikatwa kwa haki, naomba nionyeshwe haki hiyo imeandikwa wapi. Nisipopata majibu kufikia tarehe hiyo, nitalipeleka suala hili kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, pamoja na nakala ya barua hii.

Naambatisha nakala ya taarifa ya akaunti ya Januari hadi Desemba 2024, ambayo ina namba kamili ya akaunti, nikiwa nimezungushia kalamu nyekundu mistari yote niliyoitaja, pamoja na nakala ya kitambulisho changu cha taifa. Barua hii nimeileta katika nakala mbili. Naomba moja igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kisha nirudishiwe.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

*(saini)*

Mwl. Mwanaidi Hamisi Kibwana
Mwalimu Mstaafu

Nakala: Jalada langu binafsi.