Ombi la dakika 20 za mazungumzo: kuta za matumbawe, kutoka Lamu

Asalaam alaykum Bi. Salma, na shikamoo.

Hatujuani. Naitwa Mwanaisha Omar, nina miaka 26, na ni fundi sanifu wa ujenzi hapa Lamu. Nilisomea Mombasa, na tangu nimalize chuo nafanya kazi na mjomba wangu, fundi wa nyumba za kale mitaa ya Mkomani na Langoni. Naomba unipe dakika 20 za mazungumzo kwa simu, siku yoyote utakayopata nafasi mwezi huu au ujao.

Kilichonipa ujasiri wa kukuandikia ni video ya maelezo yako kuhusu nyumba ya Shangani. Wengi wakionyesha ukarabati huanza na mlango wa nakshi uliokwisha kung'arishwa. Wewe ulianza na ukuta uliobambuka. Ulishika kipande cha plasta ya simiti, ukakigeuza, na nyuma yake kulikuwa na matumbawe yaliyong'oka pamoja nacho. Hali hiyo naiona hapa kwetu tangu utotoni. Mjomba husema tu kwamba simiti haipatani na jiwe letu, basi, haongezi neno. Chuoni nako tulifundishwa simiti peke yake. Kwako ndipo nilipoelewa kwamba plasta ile huyazuia maji yasitoke, yakapanda ndani kwa ndani na chumvi yake, na ukuta ukawa unalika huku nje bado unapendeza.

Sasa nina nyumba moja Mkomani inayonikosesha usingizi. Ni ya ghorofa moja, vyumba vyembamba vya urefu wa boriti kama kawaida yetu, na chumba cha ndani kina zidaka ambazo bado zimekamilika. Mwenyewe wa zamani alipiga simiti kuta zote za chini. Unyevu umepanda hadi safu ya kwanza ya zidaka, na ukipitisha kidole kwenye nakshi unabaki na unga. Mwenye nyumba wa sasa ni mtu mwema na fedha anazo, ila anataka kazi iishe kabla ya Maulidi, maana atakuwa na wageni. Mjomba anataka simiti ibanduliwe, ukuta uachwe wazi ukauke, kisha ndipo tupake chokaa iliyolazwa vya kutosha. Mwenye nyumba ananigeukia mimi mwenye cheti, akitarajia nitamwambia kuna njia ya mkato.

Katika video ulisema, kwa kupita tu, kwamba nyumba ile ya Shangani mliiacha bila plasta msimu mzima wa mvua. Hapo ndipo penye swali langu. Ulimwambia nini mwenye nyumba hata akakubali kuishi na kuta zile zilivyo? Mambo ya chokaa nitaendelea kuyapata kwa mjomba, maana tanuri na shimo la kuzimia chokaa anavijua kuliko kitabu chochote nilichosoma. Kusimama mbele ya mwenye mali na kumwambia asubiri, hilo sina wa kunifunza, na huku kwetu mwanamke aliye juu ya jukwaa la ujenzi husikilizwa kila mtu akishamaliza kusema.

Muda ukiruhusu, ningependa pia kusikia maoni yako kama nirudi chuo kusomea usanifu majengo, au nikae na mjomba wakati bado ana nguvu za kupanda ngazi. Swali hili likikosa nafasi, si neno.

Nimeambatanisha picha tatu za ukuta huo, ndogo, hazitakumalizia bando. Huna haja ya kuzitazama kabla ya kuzungumza, wala sikuombi ushauri wa kitaalamu wa bure juu ya nyumba hiyo. Kazi ikifika mahali pa kuhitaji mtaalamu wa kulipwa, nitamwambia mwenye nyumba hivyo hivyo.

Nitapiga mimi, kwa simu ya kawaida au Whatsapp. Mimi hushuka jukwaani baada ya Alasiri, kwa hiyo saa kumi na moja jioni siku yoyote isipokuwa Ijumaa ingenifaa, ila saa yako ndiyo saa yangu. Kama una shughuli nyingi, jibu la neno moja linatosha, na sitakusumbua tena. Na kama kuna fundi wenu wa Mji Mkongwe ambaye unaona angenifaa zaidi, nitashukuru ukimwuliza kwanza kama yuko radhi nimpigie. Mji wenu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na wetu 2001, jiwe ni lile lile na boriti ni zile zile, lakini mafundi wetu hawana hata namba za simu za wenzao.

Mjomba anakusalimu. Ile video aliitazama hadi mwisho, na yeye si mtu wa video.

Wako katika kazi,
Mwanaisha Omar
Mkomani, Lamu