Kuhamisha na kuuza tena tiketi: usiku wa taarabu, Ngome Kongwe, Unguja

Kila tiketi ina jina la mtu mmoja na msimbo wake. Mlangoni tunaangalia jina lililomo kwenye orodha, si karatasi wala picha uliyotumiwa kwenye simu.

Ukipata udhuru, unaweza kumpa mwenzio tiketi yako bila malipo yoyote. Tuma jina lake kamili na namba yake ya simu kwa namba ile ile iliyokuletea tiketi, kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Tutafuta msimbo wako na kumtumia yeye mpya. Mpaka aupate, mwenye kiti bado ni wewe, kwa hiyo asikubali kukulipa kabla. Tiketi huhamishwa mara moja tu.

Kuuza unaruhusiwa, ila kwa bei uliyonunulia: shilingi 20,000, bila kuongeza hata senti. Usipopata mnunuzi, turudishie. Tukimpata mtu kwenye orodha ya wanaosubiri, pesa yako inarudi yote. Tunapendelea njia hii, maana wengi wanaosubiri ni wapenzi wa taarabu wa hapa hapa mjini, na walanguzi ndio wanaowafungia mlango.

Mtu mmoja hanunui zaidi ya tiketi nne, na kila moja iandikwe jina la atakayeingia. Tiketi itakayotangazwa kwa bei ya juu tutaifuta na kumrudishia mnunuzi wa kwanza alicholipa. Aliyeinunua kwa mlanguzi hataingia nayo.

Njoo na kitambulisho. Watoto wataandikwa chini ya jina la mzazi.