BADO KIFUNGO TU
Filamu fupi ya vichekesho, dakika 4. Mswada wa kupigia picha.

WAHUSIKA: Salim, bwana harusi. Ami Omari, fundi cherehani. Muuza kahawa. Mama yake Salim (sauti ya simuni). Shekhe. Baba mkwe. Mzee mmoja na wageni sita.

KWA WOTE: Mizaha inayorudi ni mitatu: kauli ya fundi, simu ya mama, vikombe vya kahawa. Kauli hizo zisemwe neno kwa neno. Salim akisema "weka deni" badala ya "Andika. Nitalipa Ijumaa," onyesho la mwisho limekufa, kwa kuwa mtazamaji hatakuwa na cha kukumbuka.

1. NDANI. DUKA LA FUNDI, MJI WA KALE. MCHANA

(Tupige kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, kabla adhana ya adhuhuri haijaingia kwenye maikrofoni. Pazia la maua mekundu la chumba cha kupimia lionekane nyuma ya fundi. Kamera isilisogelee.)

Salim aingia mbio, fulana na kikoi, kofia ya vito kichwani.

SALIM: Ami Omari, shikamoo. Kanzu yangu?

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Tayari. Bado kifungo tu.

Salim ashusha pumzi, aketi. Simu yalia.

MAMA: Salim, shekhe ashafika.

SALIM: Nnakuja, mama. Bado kifungo tu.

Vikombe vyasikika vikigongana, sekunde 2 kabla muuza kahawa hajatokea mlangoni na dele lake. Amimina. Salim anywa, ajipapasa, hana mfuko.

MUUZA KAHAWA: Nikuandikie?

SALIM: Andika. Nitalipa Ijumaa.

(Hapa pasichekeshwe mtu. Tunapanda mbegu tu, na pakivutwa sana mtazamaji atajua anategewa.)

2. DUKANI. BAADAYE

Fundi ainua kanzu kuikagua. Mkono mmoja tu.

SALIM: Ami, na mkono wa pili?

FUNDI: (sauti ile ile, uso ule ule) Bado kifungo tu.

MAMA: Salim, shekhe ashakula biriani.

Vikombe. Safari hii pana kashata mbili.

MUUZA KAHAWA: Nikuandikie?

SALIM: (mdomo umejaa) Andika. Nitalipa Ijumaa.

(Omari asiongeze chumvi. Kinachokua ni balaa. Kauli yake ibaki palepale. Akipaza sauti sasa, mara ya tatu hana pa kwenda.)

3. DUKANI. BAADAYE ZAIDI

Salim aipokonya kanzu aivae. Haimvuki kiuno.

SALIM: Hii ya mtoto wa madrasa! Yangu iko wapi?

Fundi aelekeza kidole. Jora zima la kitambaa cheupe, halijaguswa mkasi. Juu yake, kifungo kimoja kinang'aa.

Kimya, sekunde 2 kamili. Mhariri asikate mapema. Kicheko chatoka kwenye macho ya Salim yanayotoka jora kwenda kifungo.

FUNDI: Kifungo kipo. Bado kanzu tu.

MAMA: (kwa kunong'ona) Salim, shekhe ameomba mto.

Vikombe vyasikika nje. Muuza kahawa haonekani, hasemi.

SALIM: (bila kugeuka) Andika!

Amtazama fundi. Fundi amtazama. Wote wawili wageuka polepole kutazama pazia.

KATA.

4. NDANI. UKUMBI WA NIKAHA. ALASIRI

Salim ameketi mbele ya shekhe, amevaa kanzu ya maua mekundu. Shingoni, kile kifungo. Pindoni zimebaki pete mbili za pazia, akisogea zalia.

(Picha ya kwanza iwe pana, sekunde 3, hakuna anayetaja pazia. Akilitaja mtu, tumemnyang'anya mtazamaji ugunduzi wake.)

Shekhe, alama ya mto shavuni, afungua daftari.

SHEKHE: Mahari ni shilingi elfu hamsini.

Nyuma, muuza kahawa ahudumia wageni. Vikombe vyagongana. Bega la Salim lashtuka.

SHEKHE: (kalamu juu) Nikuandikie?

SALIM: Andika. Nitalipa Ijumaa.

Ukumbi kimya. Baba mkwe ateremsha kikombe chake hadi kwenye kisahani. Muuza kahawa atoa daftari lake la madeni, alifungua, atikisa kichwa kumwonya shekhe.

(Vikombe vitangulie swali. Ndivyo vinavyomfanya Salim aponyokwe na jibu. Vikija baada yake ataonekana mjinga, si mtu aliyezoeshwa.)

SHEKHE: Mahari ya kuakhirishwa yajuzu. Baba, waridhia?

BABA MKWE: (baada ya kumpima Salim juu mpaka chini) Ijumaa ipi?

SALIM: Hii, mzee! Hii hii!

Baba mkwe akubali kwa kichwa. Ozesho lapita kwa picha tu, bila maneno. Vigelegele kutoka chumba cha wanawake.

Wageni wasimama. Mzee aushika mkono wa kanzu, aupapasa kitambaa.

MZEE: Maua haya! Kashona nani?

Fundi Omari ajipenyeza, futi shingoni, ashaanza kumpima mabega.

MZEE: Nnaitaka kesho.

FUNDI: Ihesabu iko tayari, mzee wangu.

Macho yake yatua kwenye mapazia ya ukumbi.

GIZA.